Hali sanifu ya kibiokemia na kilojuli 40 zinazopotea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nasomesha biokemia jioni hapa Ngamiani, Tanga, kwa vijana wa vyuo vya afya na wachache wa mwaka wa kwanza chuo kikuu wanaorudi nyumbani likizo. Kila mwaka mada hii inawakwamisha palepale. Hawakwami kwenye hesabu, maana hesabu yake ni kujumlisha na kutoa tu. Wanakwama kwa sababu kitabu cha kemia na kitabu cha biokemia vinawapa namba mbili tofauti za mmenyuko uleule, na hakuna aliyewaambia kuwa namba zote mbili ni za kweli. Majibu yaliyo hapa ni yaleyale ninayoyatoa ubaoni. Karibu yote yanahusu mmenyuko mmoja, ule unaogeuza maziwa kuwa mtindi, kwa sababu naona ni heri kuujua mmoja vizuri kuliko kuipitia kumi juujuu.

Hali sanifu ni nini hasa?

Ni mahali pa kuanzia kupima. Nishati huru, ile ambayo ikipungua mmenyuko unaweza kwenda wenyewe, inategemea ukolezi wa kitu, kwa hiyo ukitaka kuandika jedwali lazima kwanza ukubali ukolezi mmoja wa rejea. Wanakemia walikubaliana kwamba kila kilichoyeyuka kwenye maji kihesabiwe kana kwamba kipo moli 1 kwa lita, na maji yenyewe yahesabiwe kuwa 1. Mabadiliko ya nishati huru kwa rejea hiyo ndiyo ΔG°.

Tatizo linaanzia kwenye ioni za hidrojeni. Zikiwa moli 1 kwa lita, pH ni 0. Hiyo ni asidi ya kuunguza ngozi, na kimeng'enya hakidumu humo. Wanabiokemia wakaamua kuhamisha kitu kimoja tu: ioni za hidrojeni zihesabiwe kuanzia ukolezi wa 10⁻⁷, yaani pH 7, na vingine vyote vibaki vilivyokuwa. Namba ya rejea hiyo mpya huwekewa alama ndogo ya mkwaju, ΔG°′. Mkwaju huo ni mdogo kiasi kwamba kwenye nakala za fotokopi hufutika kabisa, na ninaamini nusu ya taabu za wanafunzi wangu inatoka hapo.

Kwa hiyo ipi ndiyo namba ya kweli?

Zote mbili. Fikiria saa. Mgeni anamuuliza mtu wa Tanga basi la Dar linaondoka saa ngapi, anajibiwa saa mbili asubuhi. Simu yake, muda huohuo, itaandika 08:00. Basi ni moja na dakika ni ileile. Kilichotofautiana ni pale kila mmoja alipoanza kuhesabu: sisi tunaanza na jua linapochomoza, simu inaanza usiku wa manane. Ukijua tofauti ni saa sita hupati shida. Ukichanganya, unalikosa basi.

Lipo kosa la pili ambalo ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Mtu amekwisha kutafsiri saa mbili kuwa 08:00 na kuiandika kwenye karatasi. Mwenzake anaichukua ile 08:00, anadhani bado ni saa ya Kiswahili, anaongeza sita tena. Wanafika stendi saa nane mchana. Kosa hili ndilo ninaloliona zaidi kwenye madaftari, nami nitalirudia chini.

Tofauti ya jedwali moja na jingine ni kiasi gani?

Kwa nyuzijoto 25 za selsiasi ni kilojuli 39.95 kwa moli kwa kila ioni moja ya hidrojeni iliyomo kwenye mlinganyo. Inatoka hivi, R ikiwa namba ya gesi na T joto kwa kelvini:

```
RT ln 10     = 5.708 kJ/mol
7 × 5.708    ≈ 39.95 kJ/mol
ΔG°′ = ΔG° − 39.95 × n
```

Hapo `n` ni idadi ya ioni za hidrojeni zinazotolewa na mmenyuko. Zikiwa zinaliwa, `n` ni hasi. Mmenyuko unaotoa ioni unarahisika kwa kupelekwa pH 7, kwa sababu unamwaga bidhaa yake mahali ambapo bidhaa hiyo ni adimu. Mmenyuko unaokula ioni unakuwa mgumu, kwa sababu malighafi yake imepunguzwa mara milioni kumi.

Mmenyuko ambao haugusi ioni za hidrojeni haubadiliki. Glukosi-6-fosfeti ikigeuka kuwa fruktosi-6-fosfeti utakuta kilojuli +1.7 kwa moli kwenye jedwali lolote la biokemia, na huna cha kuongeza wala kupunguza.

Naomba mfano mmoja mpaka mwisho.

Twende kwenye mtindi. Bakteria wa mtindi wanavunja sukari ya maziwa mpaka piruvati. Njiani wamejaza elektroni kwenye kibebeo chao, NAD⁺ ikawa NADH. Wasipozishusha elektroni hizo mahali, kibebeo kinaisha na kazi inasimama. Wanazishusha kwenye piruvati yenyewe, na inayotoka ni laktati:

```
piruvati⁻ + NADH + H⁺ → laktati⁻ + NAD⁺
```

Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kinaitwa laktati dehidrojenezi. Tazama upande wa kushoto: ioni moja ya hidrojeni inaliwa. Vitabu vya biokemia vinatoa ΔG°′ ya mmenyuko huu kuwa −25.1. Kwa kuwa ioni inaliwa, `n` ni −1, na kwa rejea ya kemia tunapata ΔG° = −25.1 − 39.95, yaani −65.05.

Sasa tuingie ndani ya seli. Tuchukulie laktati ni milimoli 20 kwa lita, piruvati ni milimoli 1, NAD⁺ ni mara kumi ya NADH, na pH ni 7. Kanuni ni kuchukua namba ya rejea na kujumlisha RT mara logi ya asili ya uwiano wa bidhaa kwa malighafi, na RT kwa nyuzi 25 ni 2.479. Kwanza kwa njia ya biokemia. Uwiano wa bidhaa kwa malighafi ni 20 × 10 = 200. Ioni ya hidrojeni haiingizwi, kwa sababu imeshahesabiwa ndani ya −25.1.

```
ΔG = −25.1 + 2.479 × ln(200)
   = −25.1 + 13.1 = −12.0 kJ/mol
```

Halafu kwa njia ya kemia. Safari hii ioni lazima iingizwe, kwa sababu −65.05 inadhani ipo moli 1 kwa lita.

```
ΔG = −65.05 + 2.479 × ln(200 / 10⁻⁷)
   = −65.05 + 53.1 = −12.0 kJ/mol
```

Jibu ni lilelile. Nawaomba wanafunzi waifanye hesabu hii kwa mkono, njia zote mbili, kabla hatujaendelea. Binti mmoja mwaka jana aliifanya mara tatu akitafuta mahali nilipomchezea. Alipoona inatoka −12.0 kila mara alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe, mwalimu, bakteria hajui tunatumia kitabu gani." Sijapata kauli bora ya kuieleza mada hii.

Nitajuaje kwamba nimekosea?

Kosa la rejea lina alama yake, na ukishaijua unalikamata haraka: jibu linapishana na la mwenzako kwa karibu kilojuli 40, au 80, au 120. Ukifanya kazi kwa namba ya msawazo, K, utakuta mmepishana kwa mara 10⁷ au 10¹⁴. Hakuna kosa la kawaida la kikokotoo linalotoa pengo la namna hiyo.

Lile kosa la mtu anayetafsiri saa mara mbili, kwenye mfano wetu linakuwa hivi. Mwanafunzi anachukua −25.1, ambayo tayari ni ya pH 7, halafu anaweka 10⁻⁷ kwenye uwiano. Anapata −25.1 + 53.1 = +28.0. Anaandika kwa ujasiri kwamba mmenyuko hauwezi kwenda. Namwambia, mwanangu, nenda kwa yule mama anayeuza mtindi pale kona kamweleze kwamba maziwa yake hayakuganda.

Kwa hiyo kanuni ya mkono ni moja. Ukitumia ΔG°′ na pH yako ni 7, usiandike H⁺ popote kwenye uwiano. Ukitumia ΔG°, iandike kwa ukolezi wake halisi.

Na kama pH ya seli yangu si 7? Si rejea inasema 7?

Rejea haidai kwamba seli ipo pH 7, kama vile saa ya Kiswahili haidai kwamba kila unapoamka jua linachomoza. Ukiwa na −25.1 na pH ni nyingine, sahihisha ile tofauti tu, kutoka 7 mpaka ulipo. Kila hatua moja ya pH ni kilojuli 5.7 kwa kila ioni. Kwa mmenyuko wetu unaokula ioni, kushuka mpaka pH 6 kunaifanya namba iwe −30.8, na kupanda mpaka pH 8 kunaifanya −19.4. Kwa ukolezi uleule tuliouchukua juu, seli yenye pH 6 itakuwa na ΔG ya −17.7 badala ya −12.0.

Wengine hupenda kuingiza uwiano wa [H⁺]/10⁻⁷ ndani ya logi badala ya kusahihisha pembeni. Ni hesabu ileile. Ukiwa pH 7 uwiano huo ni 1, logi yake ni sifuri, na unaona wazi kwa nini haikuwa na haja ya kuandikwa.

Mtindi una pH 4.5. Je, nitumie 4.5?

Hapana, na swali hili ninalipenda. Maziwa mabichi huwa na pH ya karibu 6.6, na mtindi ulioiva hushuka mpaka karibu 4.5, lakini hiyo ni pH ya maziwa. Kimeng'enya hakiogelei kwenye maziwa, kimo ndani ya bakteria. Bakteria anatumia ATP kuzisukuma ioni za hidrojeni nje, kwa hiyo ndani mwake pH hubaki juu kuliko ilivyo nje. Kinachotakiwa kwenye hesabu ni pH ya mahali mmenyuko unapotokea. Aliyechomeka kipima-pH kwenye kibuyu amepima nje ya nyumba, na hesabu yetu ni ya chumbani.

Kama asidi inaurahisisha mmenyuko, mbona mtindi hauendelei kuchachuka bila kikomo?

Kwa upande wa nishati huru ni kweli: pH ikishuka, safari ya piruvati kwenda laktati inazidi kuteremka. Lakini nishati huru inakuambia mteremko uko upande gani. Haikuambii kama kuna mtu wa kutembea. Maziwa yakifika asidi ile, bakteria anashindwa kuendelea kusukuma ioni nje, ndani mwake kunaanza kuwa na asidi, na vimeng'enya vyake vinalegea. Kinachosimama ni kiumbe, wakati jedwali bado linasema njia iko wazi. Mwanafunzi asiyetenganisha mambo hayo mawili ataanza kuilazimisha ΔG ieleze kila kitu, na haiwezi.

Hii pH ina faida gani maabara, au ni hesabu za mtihani tu?

Nitajibu kwa lililonipata. Nikiwa kijana niliwahi kupewa kazi ya kupima laktati kwa kutumia mmenyuko uleule kinyumenyume: laktati na NAD⁺ zigeuke piruvati na NADH. Faida ya kwenda kinyume ni kwamba NADH hunyonya mwanga wa nanomita 340 na NAD⁺ hainyonyi, kwa hiyo unasoma kwenye spektrofotomita moja kwa moja. Nikaandaa bafa ya pH 7.4, kwa sababu kichwani nilijua "mambo ya mwili ni 7.4". Nikaweka kila kitu, nikakaa mbele ya mashine. Namba ilipanda kidogo ikagota. Nikabadilisha kimeng'enya nikidhani kimekufa. Nikabadilisha NAD⁺. Siku nne nzima. Kimeng'enya hakikuwa na kosa lolote, kilikuwa kimeshafika kwenye msawazo na kimemaliza kazi.

Tufanye hesabu ya siku zile kwa mtindi. Chukua mtindi wenye gramu 9 za asidi ya laktiki kwa lita, ambazo ni milimoli 100. Uzimue mara elfu, ubaki na milimoli 0.1 kwenye kijichupa cha kupimia. NAD⁺ iwe milimoli 2. Kama laktati yote ingegeuka, NADH ingekuwa milimoli 0.1, na kwa kuwa milimoli moja ya NADH hunyonya 6.22 kwenye njia ya sentimita moja, mashine ingesoma 0.62.

Kwa upande huu wa kinyume ΔG°′ ni +25.1, na namba ya msawazo kwa pH 7 ni 4.0 × 10⁻⁵. Mmenyuko sasa unatoa ioni ya hidrojeni, kwa hiyo kila hatua ya pH inayopanda inaizidisha namba hiyo mara kumi. Kwa pH 7.4 inakuwa 1.0 × 10⁻⁴. Ukitafuta msawazo hapo utakuta asilimia 4 tu ya laktati imegeuka, na mashine inasoma karibu 0.03. Huko ndiko kugota nilikokuona.

Panda sasa mpaka pH 9.5, hatua mbili na nusu juu ya 7. Namba ya msawazo inakuwa karibu 0.0126. Laktati iliyogeuka inafika asilimia 39, na mashine inasoma 0.24. Hatukubadilisha kimeng'enya, hatukuongeza NAD⁺, tumepunguza tu ioni za hidrojeni ambazo mmenyuko ulikuwa ukizimwaga.

Lakini asilimia 39 si 100, na hapa wengi huridhika mapema. Ndiyo maana vipimo vya aina hii huwekewa pia mtego wa piruvati. Wa zamani ni hidrazini, ambayo inaikamata piruvati isirudi nyuma. Hidrazini ni sumu, kwa hiyo wengi huchagua mtego mwingine, glutameti pamoja na kimeng'enya kinachoigeuza piruvati kuwa alanini. pH ya juu inausogeza msawazo, mtego unaumaliza. Ukikuta maelekezo ya kipimo yanasema bafa ya glisini ya pH 9 na kitu, usidhani ni mazoea ya kiwandani. Ni zile kilojuli 5.7 kwa kila hatua.

Na tahadhari moja ya pembeni: kimeng'enya kinachotumika kwa kawaida kinaona laktati ya mkono mmoja tu, ile ya L. Baadhi ya bakteria wa maziwa hutoa ya D. Usomaji ukiwa mdogo hata baada ya kurekebisha pH na kuweka mtego, hilo nalo uliangalie.

Nimeshika jedwali lisilo na mkwaju wala maelezo. Nitalijuaje?

Tafuta mstari wa H⁺. Ukikuta sifuri, ni la kemia. Ukikuta −39.95 au −40, ni la pH 7. Usipoukuta mstari wa H⁺ kabisa, huenda ni jedwali la namna ya tatu nitakayoieleza chini. Kama ni jedwali la volti, linalopima jinsi kitu kinavyovuta elektroni, tazama hidrojeni: 0 ni ya kemia, −0.41 au −0.42 ni ya pH 7.

Na usichanganye safu. Kuchukua laktati kwenye kitabu kimoja na H⁺ kwenye kingine ni sawa na kupanga safari kwa saa mbili tofauti.

Kwenye volti mabadiliko ni kiasi gani?

Ni volti 0.414 pale ambapo kila elektroni inakuja na ioni moja ya hidrojeni. Piruvati kuwa laktati inachukua elektroni mbili na ioni mbili, kwa hiyo inashuka yote, kutoka karibu +0.22 mpaka −0.19. NAD⁺ inachukua elektroni mbili na ioni moja tu, kwa hiyo inashuka nusu, kutoka −0.113 mpaka −0.320. Pengo kati ya zile mbili za pH 7 ni 0.13, na ukilizidisha kwa elektroni mbili na 96.485, ambazo ni kilojuli kwa kila volti kwa moli ya elektroni, unarudi kwenye 25.1 yetu.

Kanuni ya kutoa 39.95 inafanya kazi kwa ATP?

Hapa ndipo ninapowaomba wasimame. Kanuni ile inadai kwamba unajua idadi kamili ya ioni za hidrojeni, moja au mbili. Kwa laktati tunajua. Kila asidi ina pKa yake, yaani pH ambapo nusu yake imeshaachia ioni. Asidi ya laktiki huachia ioni yake kwenye pKa ya 3.86, na asidi ya piruviki kwenye 2.5. Kwenye pH 7 zote zimeshaachia, hakuna utata. Hata ukishuka mpaka 4.5, laktati iliyorudishiwa ioni yake inaongeza karibu nusu kilojuli tu. Kosa linakuwepo, ila ni dogo.

Fosfeti si hivyo. Inaachia ioni yake ya pili karibu kabisa na pH 7, na ATP na ADP nazo haziko mbali na hapo. Ukiwa pH 7, sehemu ya fosfeti ni HPO₄²⁻ na sehemu ni H₂PO₄⁻, zote kwenye kikombe kimoja. ATP inapovunjwa, wastani wa ioni zinazotoka si moja kamili, ni pungufu yake, na wastani huo wenyewe unabadilika na pH. Magnesi nayo inashikamana na ATP kwa nguvu kuliko inavyoshikamana na ADP, ikibadilisha hesabu tena. Kwa hiyo huwezi kuchukua mlinganyo wenye H⁺ moja, ukatoa 39.95, ukaita hiyo ni namba ya ATP.

Kinachofanyika ni kuacha kuhesabu kila umbo peke yake. "ATP" inakuwa jina la jumla la maumbo yake yote kwa pH hiyo, "fosfeti" vivyo hivyo, na H⁺ inaondolewa kabisa kwenye mlinganyo kwa sababu pH imefungwa. Ndiyo maana kwenye majedwali hayo hukuti mstari wa H⁺, na mlinganyo hauonekani kulingana kwa hidrojeni wala chaji. Haujakosewa. Robert Alberty ndiye aliyeijenga sana njia hii, na mapendekezo ya mashirika ya kimataifa ya kemia na biokemia, IUPAC na IUBMB, ya mwaka 1994 yaliipa alama zake. Majedwali hayo husema wazi pH, chumvi na magnesi, na zilizozoeleka ni pH 7, nguvu ya ioni moli 0.25 kwa lita na pMg 3, yaani magnesi huru ya moli 10⁻³ kwa lita. Ile −30.5 ya ATP mnayoikariri ni namba ya jumla ya namna hiyo, na haitafsiriki kwa kutoa 39.95.

Tanga kuna joto la nyuzi 30. Nibadilishe 39.95?

Kwa nyuzi 30 inakuwa 40.6, na kwa nyuzi 37 za mwilini ni 41.6. Lakini usiishie kuibadilisha hiyo peke yake. ΔG° ya mmenyuko nayo husogea joto likibadilika, kwa kiasi kinachotegemea joto ambalo mmenyuko wenyewe unalitoa au kulinyonya. Aliyesahihisha moja akaiacha nyingine amechanganya nyuzi 25 na nyuzi 30 kwenye mstari mmoja. Kama huna takwimu ya joto la mmenyuko, baki na nyuzi 25 kwa vyote na uandike hivyo juu ya ukurasa. Kwa mtindi wetu nafanya hivyohivyo.